Imeili ya makabidhiano ukihamishwa kitengo: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Imeili mbaya kuliko zote za makabidhiano niliyowahi kupokea ilikuwa na mistari mitatu tu. "Nimehamishiwa kitengo kingine kuanzia Jumatatu, faili zote zipo kwenye drive, ukikwama nicheki." Basi. Nikafungua hiyo drive nikakuta folda zinaitwa "Mpya", "Mpya 2" na "Final ya kweli", na miezi miwili baadaye nikagundua mkataba wa matengenezo ya printa umejiongeza wenyewe mwaka mzima, mkataba ambao bosi alishasema hautaki. Mwenzangu alikuwa anajua, ila alijua kichwani, na mimi kichwa chake sikukabidhiwa.

Mwongozo huu ni wa hali hiyohiyo, yaani unabaki kwenye ofisi ileile ila unabadilisha kazi. Watu wengi wanadhani hii ni rahisi kuliko kuacha kazi kabisa, kumbe ina mtego wake: kwa kuwa upo ghorofa ya juu tu na wanakuona kila siku, unaandika imeili kizembe ukijua utaulizwa, na kweli unaulizwa, mwisho unajikuta unafanya kazi mbili kwa miezi mitatu. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Mtu anayepokea aweze kufanya kazi wiki nzima ya kwanza bila kukupigia simu.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Unaratibu manunuzi ya ofisi (samani, printa, usafi, vifaa vya kuandikia) na unahamia timu ya miradi kuanzia Jumatatu tarehe 3 Novemba. Anza kuandaa wiki mbili kabla. Ukiambiwa ghafla umebakiwa na siku tatu, fanya hatua ya 1, ya 3 na ya 4 kwanza, mengine yatafuata.

Hatua ya 1: Usianze kuandika, anza kuchimba

Ukikaa ukajiuliza "mimi nafanya kazi gani" utakumbuka za wiki hii na iliyopita tu. Kazi inayokuja mara moja kwa mwaka haitakuja kichwani, na ndo hiyo itakayomuumiza mwenzako. Kwa hiyo nenda kwenye imeili ulizotuma, sio ulizopokea, kwa sababu ulizotuma ndo ushahidi wa kazi uliyofanya kweli. Kama unatumia Gmail, andika hivi kwenye kisanduku cha kutafutia:

```
in:sent newer_than:1y
```

Itakuletea ulichotuma mwaka mzima. Usisome zote jamani, pitisha macho kwenye vichwa tu, kila ukiona kazi unaandika neno moja kwenye karatasi. Ukimaliza fungua kalenda urudi nyuma miezi 12, mwezi kwa mwezi, utaona vikao vinavyojirudia na zile kazi za msimu kama kuhesabu mali au kuandaa bajeti. Mwisho waulize watu watatu au wanne unaofanya nao kazi sana swali moja: kuna kitu gani huwa unakipata kwangu bila hata kuomba? Hapo utashangaa. Mimi mhasibu aliniambia "ile orodha yako ya ankara unayonitumia kila tarehe 20", kitu nilichoanza kama hisani tu na sikuwahi kukihesabu kama kazi, kumbe yeye anapanga malipo yake yote kwa kutumia ile orodha.

Hatua ya 2: Gawa, halafu peleka kwa bosi

Orodha ikishakuwa mezani kila kitu kiangukie sehemu moja kati ya hizi: kazi iliyo njiani sasa hivi, kazi inayojirudia, na kazi iliyoisha ila inaweza kurudi (kwa mfano muuzaji aliyelipwa ila bado kuna dhamana ya viti, kiti kikivunjika mtu atakuja kuuliza).

Hapa lazima utakutana na kazi yatima, ambayo haimo kwenye majukumu ya anayekupokea wala huendi nayo. Kosa la kawaida ni kuinyamazia, au kumbandikia mwenzako kimyakimya. Usifanye hivyo, mwandikie bosi mistari miwili: "Kazi hii nilikuwa naifanya mimi, haina mwenyewe kuanzia tarehe 3, naomba uamue iende kwa nani au ifutwe." Subiri jibu kwa maandishi kabla ya kutuma imeili kubwa. Kama jibu halijaja, kwenye imeili andika wazi kwamba inasubiri uamuzi wa bosi.

Hatua ya 3: Andika kazi iliyo njiani kwa namna ya kumwezesha mtu kuishika

Hii ndo hatua ninayoomba uipe muda kuliko zote. Neno "inaendelea" lipige marufuku kabisa kwenye makabidhiano. Angalia:

*Viti vya chumba cha mikutano: inaendelea, muuzaji anajua.*

Anayesoma hapo hajui kama oda imetoka, kama hela imelipwa, wala kama yeye anatakiwa kufanya chochote. Sasa angalia hii:

*Viti 12 vya chumba cha mikutano. Oda imetumwa tarehe 20 Oktoba, muuzaji amethibitisha kuleta Alhamisi tarehe 6 Novemba asubuhi. Tumelipa nusu, nusu iliyobaki hailipwi mpaka viti vikaguliwe. Hatua inayofuata ni yako: pokea, hesabu, kagua magurudumu, saini hati ya kupokelea mzigo, kisha peleka ankara kwa mhasibu siku hiyohiyo.*

Kila kazi inajibu mambo manne: imefika wapi, kinachofuata ni nini, anayetakiwa kukifanya ni nani, na lini. La tatu ndo linalosahaulika sana. Kazi nyingi zinakufa wakati wa makabidhiano sio kwa sababu ni ngumu, ila kwa sababu wewe ulidhani mpira upo kwa muuzaji, muuzaji anadhani upo kwenu, na mgeni anadhani akikaa kimya mambo yatakuja yenyewe. Kwa hiyo andika waziwazi "tunamsubiri muuzaji, asipojibu mpaka Jumatano mkumbushe kwa simu" au "ni zamu yako".

Kuna na ahadi za mdomo. Zile ulizotoa kwenye korido. Kwenye mfano wetu, tuseme mkuu wa kitengo fulani ulishamwambia kwamba viti viwili vya zamani vitahamia ofisini kwake vile vipya vikija. Haipo kwenye imeili yoyote, haipo kwenye faili lolote, na mwenzako ataviuza au kuvitupa halafu ataonekana yeye ndo mbaya. Jiulize kwa kila kazi: kuna mtu nilimuahidi kitu hapa? Kama yupo, iandike.

Hatua ya 4: Tarehe ya mwisho sio tarehe ya kuanza

Watu wanaorodhesha dedlaini kama zilivyo kwenye karatasi, "ripoti ya mwezi, tarehe 10", wanaona wamemaliza. Lakini ripoti ya tarehe 10 inahitaji namba kutoka vitengo vitatu, vitengo vinachukua siku nne kujibu, na wewe siku zote ulikuwa unawaandikia tarehe 1. Kwa hiyo tarehe ambayo mgeni anaihitaji kweli ni tarehe 1. Akiijua ile ya 10 tu, ataamka tarehe 8 na atakuwa ameshachelewa. Kila dedlaini iandikie tarehe mbili, siku ya kuanza na siku ya mwisho.

Mikataba ndo hatari zaidi. Tuseme mkataba wa usafi unaisha tarehe 31 Desemba na una kipengele kwamba usipotoa taarifa ya maandishi siku 60 kabla, unajiongeza mwaka mwingine. Mtu akisoma "31 Desemba" anatulia, ana muda. Sasa hesabu kurudi nyuma: siku 60 kabla ya 31 Desemba ni tarehe 1 Novemba. Na kwenye mfano wetu tarehe 1 Novemba ni Jumamosi, wewe unaondoka Ijumaa tarehe 31 Oktoba na mwenzako anaanza Jumatatu tarehe 3. Dedlaini imeangukia kwenye ufa katikati yenu, hakuna aliyepo, na ndo hivyohivyo ile printa yangu ilivyonipita.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, chora mstari kwenye tarehe ya kuhama, kisha angalia wiki mbili kabla na wiki mbili baada. Chochote chenye dedlaini ndani ya hizo wiki nne usikikabidhi kikiwa nusu kama unaweza kukimaliza. Hiyo taarifa ya mkataba itume wewe mwenyewe, mapema, na kwenye imeili unaandika "imetumwa tarehe 24 Oktoba, nakala ipo kwenye folda ya Mikataba, muuzaji bado hajathibitisha kupokea, mfuatilie". Na kipengele chenyewe kisome kwenye mkataba, usiamini kumbukumbu, maana kuna mikataba inayohesabu siku za kazi na mingine inayohesabu siku zote, na ipo inayosema taarifa inahesabika ikishapokelewa, sio ikitumwa.

Hatua ya 5: Watu

Jina, cheo na namba ya simu havitoshi, hivyo hata mapokezi wanavyo. Anachokosa mgeni ni matumizi: huyu ananisaidia nini, nampataje haraka, na nimtafute lini. Mfano, mhasibu wa malipo anapokea ankara kwa imeili tu, ukimpelekea karatasi itapotea, na baada ya tarehe 25 anafunga hesabu za mwezi kwa hiyo cha haraka kipeleke kabla. Fundi wa printa imeili hajibu kabisa, mpigie. Anayesaini oda kubwa ni mkuu wa fedha, akiwa safarini anasaini naibu wake.

Watu watano mpaka wanane wanatosha. Ukiweka 30 umempa kitabu cha simu.

Na uwe makini na lugha hapa, maana imeili hii itafowadiwa, tena siku moja itamfikia yuleyule uliyemwandika. "Huyu ni msumbufu" usiandike kamwe. Andika kile kinachomsaidia mtu kufanya kazi, kama "anapenda kupata bei kutoka kwa wauzaji watatu kabla ya kuamua", na yale mengine ongeeni mkiwa wawili.

Hatua ya 6: Faili zipo wapi, na ni za nani

Swali la kwanza watu wanalijibu, la pili wanalisahau. Kama ofisi yenu inatumia Google Drive, faili lililo ndani ya "My Drive" mwenyewe ni wewe, hata kama umeligawa kwa watu 20. Lililo ndani ya "Shared drives" ni la timu. Kwa hiyo unavyojiandaa kuhama, hamisha faili za kazi kwenda kwenye folda ya timu, na yasiyohamishika badilisha umiliki kwa kutumia "Transfer ownership" kwenye dirisha la kugawia. Jihadhari na kitu kimoja: ukihamisha umiliki wa folda, faili zilizomo ndani hazihami na folda, bado ni zako mpaka nazo uzihamishe. Kwa wanaotumia Microsoft wazo ni lilelile, OneDrive ni ya mtu binafsi, faili za timu zikae SharePoint. Na angalia kwenye kompyuta yenyewe, folda za "Downloads" na "Desktop", mikataba iliyosainiwa na kuskaniwa inapenda sana kulala humo.

Usimpe mgeni folda nzima ukasema kila kitu kipo humo. Mpe linki za faili tano au sita anazozigusa kila wiki, na kwa kila moja useme toleo lipi ndo la kweli. Kama kuna matoleo manne ya orodha ya wauzaji, yale matatu yaingize kwenye folda ya "Zamani" leo.

Paswedi usiziandike kwenye imeili. Hata moja. Andika tu mfumo upi unahitaji ruhusa na nani anatoa, kisha mfungulieni akaunti yake mwenyewe. Kama kuna akaunti ya pamoja, mkae wawili mbadilishe paswedi na mbadilishe na namba ya simu inayopokea misimbo ya kuingilia. Hili la namba limewatesa wengi: mgeni ana paswedi sahihi kabisa, anaingiza, mfumo unatuma msimbo, msimbo unaingia kwenye simu yako wewe uliye kwenye kikao cha timu mpya.

Hatua ya 7: Imeili yenyewe

Imeili iwe fupi, kama skrini moja na nusu hivi. Maelezo marefu ya jinsi ya kufanya kila kazi yakae kwenye faili moja unaloliwekea linki. Anayepokea ndo awe kwenye To, bosi wa zamani na bosi mpya kwenye CC. Bosi mpya anawekwa kwa makusudi, ili aone tarehe ya mwisho ya wewe kuvutwa huko nyuma. Mfano wetu ukiandikwa wote unakuwa hivi:

> Kichwa: Makabidhiano ya manunuzi ya ofisi, kuanzia Jumatatu 3 Novemba
>
> Habari za kazi,
>
> Kama tulivyokubaliana na meneja, kuanzia Jumatatu tarehe 3 Novemba manunuzi ya ofisi yatakuwa chini yako, mimi nahamia timu ya miradi. Mambo mawili ya wiki ya kwanza ni viti (6 Novemba) na ripoti ya mwezi (uanze siku hiyohiyo ya Jumatatu).
>
> Kazi zilizo njiani
>
> Viti 12 vya chumba cha mikutano: vinaletwa Alhamisi 6 Novemba asubuhi. Nusu imelipwa, nusu baada ya ukaguzi. Ni zamu yako: pokea, kagua, saini hati, peleka ankara kwa mhasibu. Viti viwili vya zamani nilimuahidi mkuu wa mafunzo, naomba avipate.
>
> Mkataba wa usafi: taarifa ya kutoongeza imetumwa 24 Oktoba. Tunasubiri muuzaji athibitishe. Akiwa kimya mpaka Jumatano 5 Novemba, mpigie na umwambie meneja.
>
> Katriji za printa: bei za wauzaji wawili zimefika, ya tatu inakuja. Ikifika peleka zote tatu kwa mkuu wa fedha.
>
> Zinazojirudia
>
> Ripoti ya manunuzi: mwisho tarehe 10, omba namba kwa vitengo tarehe 1. Mwezi huu tarehe 1 ni Jumamosi kwa hiyo nitawaandikia mimi Ijumaa 31 Oktoba na kukuweka kwenye CC, majibu yatakuja kwako.
>
> Orodha ya ankara kwa mhasibu: kila tarehe 20.
>
> Kuhesabu mali: mwisho 15 Desemba, anza 1 Desemba.
>
> Watu
>
> Mhasibu wa malipo (jina, imeili): ankara zote, kwa imeili tu, kabla ya tarehe 25.
>
> Fundi wa printa (jina, simu): piga, imeili hajibu.
>
> Mkuu wa fedha (jina, imeili): anasaini oda kubwa, akisafiri ni naibu wake (jina).
>
> Faili
>
> Zote zipo folda ya timu, Manunuzi (linki). Za kila wiki: orodha ya oda (linki), mikataba (linki), fomu ya ripoti (linki), maelezo ya kila kazi hatua kwa hatua (linki). Ruhusa ya mfumo wa oda inatolewa na TEHAMA, nimeshaomba, utapewa Jumatano.
>
> Bado haijaamuliwa: usimamizi wa funguo za stoo, meneja atatuambia.
>
> Tukae Alhamisi 30 Oktoba saa 4 asubuhi tupitie pamoja. Baada ya hapo nitajibu maswali mpaka Ijumaa 14 Novemba, yatume kwa imeili, mimi nitajibu kila siku jioni.
>
> Asante sana.

Angalia jinsi mambo mawili ya haraka yalivyowekwa juu kabisa, kabla ya vichwa vyote. Mtu akisoma mistari minne tu akaitwa kwenye kikao, bado ameokoka. Angalia na ile ripoti, nayo ilikuwa imeangukia kwenye ufa uleule wa Jumamosi.

Hatua ya 8: Kutuma na kukaa pamoja

Tuma siku tatu nne kabla ya kuondoka, sio saa 11 jioni ya siku ya mwisho. Mkikaa usimsomee imeili, ana macho. Mwambie yeye akae kwenye kompyuta yake, afungue kila linki mwenyewe kwa akaunti yake mbele yako, na hapo ndo utaona moja inasema anahitaji ruhusa. Kisha afanye kazi moja halisi, tuseme aingize oda ya karatasi kwenye mfumo, wewe mikono mfukoni. Kila atakapokwama pana maana ya kwamba kuna hatua uliiruka kwenye maelezo, iongeze palepale.

Wauzaji na watu wa nje hawapati imeili hii, ina mambo ya ndani. Wao watumie fupi ya mistari mitatu, kwamba kuanzia tarehe fulani anayeshughulika nao ni fulani, imeili yake hii, na huyo mtu yupo kwenye CC.

Baada ya kuhama

Imeili zitaendelea kukujia wewe, hilo halikwepeki. Ukifowadi kimya, mtumaji hajui na kesho atakuandikia tena. Bora umjibu mtumaji ukimuweka mwenzako kwenye To: "Asante, hili sasa lipo kwa mwenzangu, nimemuweka hapa." Mara mbili tatu hivi, watu wanazoea. Vikao vinavyojirudia ulivyovitengeneza wewe navyo vikabidhi, kwenye kalenda ya Google kuna "Change owner" ndani ya tukio, la sivyo siku ukisafisha kalenda yako utavifuta kwa watu wote.

Ikifika ile Ijumaa ya tarehe 14, tuma mstari mmoja kwamba muda wa maswali umeisha na uulize kama kuna kilichobaki wazi. Kisha waambie TEHAMA waondoe ruhusa zako kwenye mfumo wa oda. Wakati bado unaweza kuidhinisha oda kwa jina lako, kuna siku mtu ataharakishwa, atakufuata ghorofa ya juu, na utabonyeza.